Jora la mita 50 likitoa 46: mita nne zimekwenda wapi?

"Nauza vitambaa vya fulana vya pamba kwa mita, na wateja wengi huniagizia kwa simu. Nilinunua majora mawili ya aina moja. Lebo zinasema mita 50, upana sentimita 170, gramu 180 kwa mita ya mraba. Jora jeupe nililikunjua lote siku lilipofika, nikalipanga kwenye rafu na kuliuza vipande vidogo vidogo, kama 70 hivi. Likaishia mita 46. Jeusi nililiacha kwenye bomba lake nikawa nakata moja kwa moja. Hilo lilifika 49, lakini mteja aliyenunua mita 3 amepima kwake akapata 2.85, na mwingine anasema gauni limerudi na kuwa dogo baada ya kufuliwa. Jeusi nililiweka kwenye mizani kabla ya kulifungua: kilo 15.9, na bomba tupu ni gramu 600. Rafiki yangu anasema nimeuziwa yadi kwa jina la mita. Je, nimepunjwa? Na kwenye maelezo ya kitambaa niandike nini?"

Kwa namba ulizoleta, sioni dalili kwamba umepunjwa. Ninachokiona ni majora mawili yenye ugonjwa mmoja, ila kila moja limemwumiza mtu wake. Jeupe limekuumiza wewe, jeusi limewaumiza wateja wako. Ugonjwa wenyewe ni mvuto: kitambaa kilichopimwa kiwandani kikiwa kimenyooshwa, halafu kikauzwa kana kwamba urefu ule ni wa kudumu.

Chukua kipande cha fulana ukiangalie kwa karibu, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Hakina nyuzi zilizonyooka zinazopishana kama shuka. Kina vitanzi, safu juu ya safu, kila kitanzi kimeingia ndani ya mwenzake. Kitanzi kikivutwa kwa urefu hurefuka na kuwa chembamba, na kikiachiwa hurudi taratibu kwenye umbo lake la duara. Kiwandani, kitambaa hiki hupitishwa kikiwa kimelowa kwenye mashine za kupaka rangi, kukausha na kunyoosha, na kila rola hukivuta mbele. Hukaushwa kikiwa hivyo, kisha huviringishwa kwenye bomba kwa mvuto mwingine. Gurudumu la kuhesabu mita linazunguka juu yake wakati huohuo. Kwa hiyo mita 50 za lebo zilikuwepo kweli siku ile, pale kwenye mashine. Hakuna aliyezikata.

Ulipolikunjua jora jeupe na kulipanga kwenye rafu, vitanzi vilipata nafasi ya kurudi, na kitambaa kikafupika kabla hujakiuza. Jora jeusi lilibaki limebanwa kwenye bomba. Ukalivuta juu ya meza, ukapima mita 3, ukakata na kufunga. Kikafupikia kwa mteja. Mita 3 zilizokuwa 2.85 zimepungua asilimia 5, kiasi cha kawaida kabisa kwa fulana ya pamba iliyotoka kwenye mvuto. Mteja wako hakukosea kupima, na wewe hukukusudia kumwibia, lakini haki ni yake: alilipia mita 3, hana mita 3. Mfidie.

Sasa hili la yadi. Namwelewa rafiki yako, kwa sababu yadi 50 ni mita 45.72, na wewe umepata 46. Namba zimekaribiana mno, na kweli yapo majora yanayohesabiwa kwa yadi, hivyo swali hilo ni la kuuliza kila unaponunua. Lakini hapa mizani inakataa. Mvuto unaweza kubadilisha urefu wa kitambaa, hauwezi kubadilisha uzito wake. Kitambaa chenye upana wa mita 1.70 na gramu 180 kwa kila mita ya mraba kina gramu 306 katika kila mita ya urefu. Zidisha kwa 50 unapata kilo 15.3. Jora lako jeusi lilikuwa kilo 15.9, toa bomba gramu 600, zinabaki 15.3 zilezile. Lingekuwa la yadi 50, lingekuwa na kilo 14 tu. Tofauti ya kilo 1.3 hata mizani ya kawaida ya duka inaiona.

Usiniamini mimi tu, jaribu mwenyewe. Chukua kipande cha kitambaa hicho kilichokaa wazi kwa siku nzima. Weka rula, kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, mbali na ukingo na angalau mita moja kutoka mwisho wa jora. Kipime kwenye mizani ndogo inayosoma gramu moja moja, kisha zidisha kwa 4, kwa kuwa mraba huo ni robo ya mita ya mraba. Kama nimesema kweli, hutapata gramu 45, ambazo ndizo zingetoa 180 ya lebo. Utapata kati ya 47 na 48, maana uzito uleule sasa umebanwa kwenye urefu mdogo. Tuseme umepata 47.5. Hiyo ni gramu 190 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa upana wa 1.70, kila mita ya urefu ina gramu 323. Gawa kilo 15.3 kwa hizo, unapata mita 47.4. Huo ndio urefu wa kweli wa jora lako likiwa limepumzika.

Hesabu hii itakufaa kwa kila jora utakalonunua, hasa kwa vile vitambaa vya fulana mara nyingi huuzwa kwa kilo na wewe unaviuza kwa mita. Iandike ukutani:

```
mita = kilo halisi x 1000 / (gramu kwa mita ya mraba x upana kwa mita)
```

Upana unaoingia humo ni ule wa ukingo hadi ukingo, uliopimwa baada ya kitambaa kupumzika, kwa sababu fulana ikifupika wakati mwingine hupanuka kidogo. Pima kipande na jora siku moja, chumba kimoja. Pamba hunywa unyevu wa hewa na uzito wake hupanda siku za mvua, ndiyo maana maabara hupima vitambaa kwenye nyuzi 20 za joto na unyevu wa asilimia 65. Wewe huna chumba hicho na hukihitaji: kama jora na kipande vyote vimekunywa unyevu sawa, hesabu inajisahihisha yenyewe. Hata hivyo njia hii ina mipaka. Kitambaa hakina uzito sawa kila mahali, kwa hiyo chukua vipande vitatu, kushoto, katikati na kulia, na uiamini hesabu kwa kupungua au kuzidi kama mita moja kwenye jora la 50. Inatosha kukuonyesha kama jora limepungua mita nne. Haitoshi kugombania sentimita 30.

Bado kuna deni la jora jeupe. Limepumzika na kuwa mita 47.4, nawe umeuza 46. Mita 1.4 zimekwenda wapi? Umesema uliuza vipande 70. Nina hakika, kama wauzaji wote wenye moyo mzuri, huweka upana wa kidole kimoja zaidi ya alama kabla ya kukata, na pale ukataji ulipokwenda upande unanyoosha kwanza kabla ya mteja anayefuata. Sentimita 2 kwa kila mkato mara 70 ni mita 1.4 kamili. Jora jeusi ulilipima likiwa bado limevutwa, ndiyo maana lilifika 49, na kilichopungua hapo ni mikato.

Hapo ndipo kipimo cha chini cha kukata kinapoingia. Watu hudhani ni sheria ya kumbana mteja mdogo, kumbe ni hesabu ya mkasi. Jora la mita 50 likikatwa nusu mita nusu mita lina mikato 100, na kwa sentimita 2 kila mmoja umegawa mita 2 bure. Likikatwa mita tatu tatu, mikato haifiki 17, umepoteza kama sentimita 33. Mimi ningependekeza kwa kitambaa chako kipimo cha chini kiwe mita 1, na baada ya hapo mteja aongeze kwa nusu mita. Nusu mita moja yenye upana wa 170 inamtosha mtu anayeshona fulana ya mtoto mdogo, najua, na kama wateja wako wengi ni hao, usiwafukuze. Iache nusu mita, ila bei yake ibebe ule mkato. Ukishaamua, usikubali kukata kipande kitakachoacha chini ya mita moja kwenye bomba. Mwambie mteja aliyetaka mita 4 kwamba zimebaki 4.6, umpunguzie kidogo azichukue zote. Kile kipande cha sentimita 60 kitakaa rafuni mwaka mzima.

Kuna jambo moja linalozua ugomvi kwenye oda za simu. Ukisema unauza kwa nusu mita, mteja anaandika "2" akimaanisha mita mbili, wewe unamkatia mita moja. Au anaagiza nusu mita nne, wewe unamtumia vipande vinne, naye alitaka mita 2 mfululizo za gauni. Andika wazi kwamba namba anayoandika ni mita, na kwamba oda moja hukatwa kipande kimoja kisichounganishwa. Jora lenyewe likiwa na kiungo au kasoro ndani, mara nyingi kiwanda hufunga uzi wa rangi ukingoni kuonyesha mahali. Ukiuona uzi huo usiupuuze. Kunjua, tazama, na kama kasoro itaangukia katikati ya oda, ruka uanze upya baada yake.

Tuje kwenye kupumzisha, maana hapo ndipo tiba ilipo. Jora la fulana likifika, likunjue lote juu ya meza au sakafu safi iliyotandikwa shuka, kwa mikunjo mipana iliyolegea, bila kurundika kitu juu yake. Liache saa 24. Lenye nyuzi za mpira za kunyumbuka lipe siku mbili. Usilitundike, kwa sababu uzito wake wenyewe utalivuta upya. Baada ya hapo ndipo ulipime na ulikate. Kama nafasi ni ndogo, kunjua mita 10 jioni kwa ajili ya mauzo ya kesho, inafaa pia. Kiwango cha kimataifa cha kupima urefu na upana wa vitambaa, ISO 22198, nacho kinataka kitambaa kiwe kimelegea, hakina mvuto. Hii mita unayoipata ndiyo mita.

Unapokata, usivute. Laza kitambaa, kipigepige kwa kiganja kitulie, kisha pima katikati ya upana na si ukingoni, kwa kuwa kingo za fulana hujikunja na huwa zimekaza au zimelegea kuliko katikati. Futikamba ya kitambaa iache kwa fundi wa kupima viuno. Ikitumika miaka miwili hurefuka yenyewe, na utakuwa unamgawia kila mteja sentimita usizozijua. Gongomea rula ya chuma kwenye ukingo wa meza. Niliwahi kumsaidia muuzaji mmoja aliyekuwa akipoteza karibu mita moja kwa kila jora bila kujua kwa nini. Tulipoiweka futikamba yake kando ya rula ya chuma, mita yake ilikuwa na sentimita 101 na nusu.

Upana nao usiuandike kama ulivyo kwenye lebo. Angalia kingo za kitambaa chako: utaona mstari wa vitundu vidogo vya sindano ambazo mashine ya kukausha hukishikilia nazo, na pengine gundi iliyokauka ikawa ngumu kama karatasi. Sehemu hiyo fundi haitumii. Kama kila upande una sentimita 2, upana wa kushonea ni 166, na huo ndio mteja anaoutaka anapopanga mikono ya gauni. Andika yote mawili. Kwenye hesabu ya uzito tumia 170, kwa mteja sema 166. Ukiyachanganya, hesabu ya mita itakudanganya kwa mita nzima na zaidi.

Gauni lililorudi ni jambo jingine, na hapa watu wengi huchanganya. Kupumzika huondoa mvuto wa juujuu tu. Maji huenda mbali zaidi. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba, vitanzi vinalegea, vinateleza hadi kwenye umbo lao halisi, na mtikisiko wa kufua unavisukuma. Kwa hiyo kitambaa kilichopumzika siku mbili bado kitasinyaa kikifuliwa, na huwezi kukizuia dukani. Unachoweza ni kujua kitasinyaa kiasi gani na kusema kabla ya mauzo.

Kata kipande cha sentimita 70 kwa 70 kutoka kitambaa kilichopumzika. Ndani yake chora mraba wa 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, au ushone alama kwa uzi, na weka mshale unaoonyesha upande wa urefu wa jora. Kishone kingo kisifumuke. Kifue kama mteja wako atakavyofua, si kama unavyotamani afue: akitumia mashine na maji ya moto, tumia hayo. Anika, kilaze bila kuvuta, pima mahali patatu. Rudia mara tatu, kwa sababu fulana ya pamba haimalizi kusinyaa kwenye mfuo wa kwanza. Tuseme mwishoni urefu ni 46.5 na upana 48.5. Urefu umepungua 3.5 kati ya 50, yaani asilimia 7, na upana asilimia 3. Angalia pia kama mraba wako umelala upande. Ukilala, gauni nalo litajizungusha mwilini na mshono wa ubavuni utahamia mbele, na hilo ni la kumwambia mteja vilevile.

Mteja akikuuliza anunue kiasi gani ili abaki na mita 3 baada ya kufua, usiongeze asilimia 7 juu ya 3. Gawa 3 kwa 0.93. Jibu ni 3.23, mkatie 3.25 kama unauza kwa robo, au 3.5 kama unauza kwa nusu. Na mshauri afue kitambaa kizima kabla ya kukipeleka kwa fundi. Gauni likishashonwa, hakuna hesabu inayolirudisha.

Namba hizi usizihamishie kwenye vitambaa vingine. Pamba iliyofumwa kwa mtande na mshindio, kama ya mashati, inaweza kuwa imepitishwa kwenye mashine ya kuisinyaza kiwandani, njia iliyopewa jina la mbunifu wake Sanford Cluett, na hapo kusinyaa hubaki karibu asilimia 1. Isiyopitishwa huko inaweza kurudi sana. Poliesta haijali maji, ila joto kali la pasi linaweza kuisinyaza. Kila aina ifanyie jaribio lake, na jora jipya la kitambaa kilekile nalo lipime, hasa likiwa la rangi nyingine, kwa kuwa kila rangi hupita kwenye pipa lake.

Kwa kitambaa chako, baada ya kuthibitisha namba zangu kwa mizani yako, maelezo yangu yangesomeka hivi: "Kitambaa cha fulana, pamba 100%. Upana wa kushonea sm 166, ukingo hadi ukingo sm 170. Uzito gramu 190 kwa mita ya mraba. Urefu, upana na uzito vimepimwa kitambaa kikiwa kimepumzika saa 24 bila kuvutwa. Kikifuliwa husinyaa hadi 7% kwa urefu na 3% kwa upana, kwa hiyo kifue kabla ya kukata. Tunakata kuanzia mita 1, kisha kwa nusu mita. Oda moja, kipande kimoja." Usiogope kwamba 190 haifanani na lebo ya kiwanda inayosema GSM 180, yaani gramu 180 kwa mita ya mraba. Mteja akipima kwake atapata 190.

Na bei yako ya kununulia usiigawe tena kwa 50. Jora jeupe limekupa 46 za kuuza, kwa hiyo kila mita imekugharimu karibu asilimia 9 zaidi ya ulivyodhani. Hapo ndipo faida yako ilipokuwa ikivujia.

Kwa msambazaji, zungumza naye ukiwa na namba mkononi. Muulize mita zake zilipimwa jora likiwa limevutwa au limepumzika, na kama lebo ni ya mita au yadi. Jora linalofuata liweke kwenye mizani kabla ya kulifungua, mbele ya aliyelileta ikiwezekana, kwa sababu ukishalikata huna tena ushahidi. Uzito ukiwa chini ya hesabu ya lebo kwa kilo moja au zaidi, hapo unayo kesi, na ofisi ya serikali ya vipimo iliyo karibu nawe ndiyo ya kwenda, pamoja na rula yako na mizani yako vikaguliwe. Ukianza kupata oda za majora mazima kutoka kwa washonaji wakubwa, peleka sampuli maabara ya nguo wapime uzito na kusinyaa kwa utaratibu wao, kwa sababu hapo asilimia 2 tu inaweza kuharibu saizi ya fulana mia tano, na jaribio la beseni la nyumbani halitoshi tena.